Chai ya nyuzi 430 chini ya sifuri: eneo la uthabiti la mbinu ya tanjenti, na jinsi ya kuchagua hatua isiyolipua jibu

Mimina chai ya nyuzi 85 kwenye kikombe, uiache mezani katika chumba chenye nyuzi 25. Baada ya dakika 50 itakuwa imebakiwa na kama nyuzi 30, na asiyependa chai ya uvuguvugu atakuwa ameshaimwaga. Sasa ifanye hesabu hiyo kwa mbinu ya tanjenti, ukiruka dakika 50 kwa mkupuo mmoja. Jibu linatoka nyuzi 65 chini ya sifuri. Ukiruka mara ya pili, chai iko nyuzi 160. Mara ya tano inafika nyuzi 430 chini ya sifuri, ilhali baridi ya mwisho kabisa ulimwenguni ni nyuzi 273 chini ya sifuri.

Mlinganyo ulikuwa sahihi na kuzidisha kulikuwa sahihi. Kilichoharibu ni urefu wa hatua tu. Hapa chini nitaonyesha uharibifu huo unaanzia wapi, unavyopimwa kabla ya kuwasha kompyuta, na kwa nini mara nyingi hauletwi na kile unachokitazama bali na kitu kidogo pembeni ambacho umeshakisahau.

Mbinu yenyewe, na mahali inapoteleza

Leonhard Euler aliieleza mbinu hii katika juzuu alilolichapisha St. Petersburg mwaka 1768, na haijabadilika tangu hapo. Una mlinganyo unaokuambia kasi ya mabadiliko ya kitu ukijua hali yake ya sasa. Unasimama kwenye hali ya sasa, unakokotoa kasi hiyo, unachora mstari ulionyooka wenye mteremko huo, yaani tanjenti, kisha unautembea kwa muda h. Ulipofika ndipo unapoanzia tena.

y_mpya = y + h × f(y)

Kwa chai, tuseme inapoteza joto kwa kiwango cha 0.05 kwa dakika. Maana yake ni kwamba kila dakika inapungukiwa na asilimia 5 ya tofauti iliyopo kati yake na chumba, kwa kasi ya pale pale. Tofauti hiyo tuiite u. Inaanza na nyuzi 60, na kasi yake ni −0.05 × u.

Chukua karatasi, uchore mkunjo wa u ukishuka taratibu kuelekea sifuri, kisha uchore tanjenti kuanzia mwanzo kabisa. Kasi ya mwanzo ni nyuzi 3 kwa dakika, kwa hiyo mstari unagonga sifuri dakika ya 20. Mkunjo wa kweli hauwahi kugonga sifuri, kwa sababu kadiri chai inavyopoa ndivyo inavyopunguza mwendo. Tanjenti haina habari hiyo. Inaijua kasi ya pale ilipoanzia tu, basi inapita sifuri na kuendelea kushuka kana kwamba chai bado ni ya moto. Dakika ya 40 iko nyuzi 60 chini ya sifuri ya u, umbali ule ule ilioanza nao upande wa juu. Ukiiachia hadi dakika ya 50, iko 90 chini.

Kiini cha jambo zima ni hicho. Ukitua mbali na sifuri kuliko ulipotokea, hata kama ni upande wa pili, mteremko wa pale ni mkali zaidi kuliko wa mwanzo. Tanjenti inayofuata inakurudisha juu kwa nguvu kubwa zaidi, inapita sifuri tena, na kukutupa mbali zaidi. Nguvu ileile inayopaswa kuivuta chai kwenye joto la chumba ndiyo inayoirusha nje.

Hatua ya kwanza: tafuta kizidisho

Ukiingiza kasi ya chai kwenye mbinu, unapata

u_mpya = u + h × (−0.05 × u) = (1 − 0.05h) × u

Kila hatua ni kuzidisha kwa namba moja ile ile. Namba hiyo nitaiita kizidisho. Ukiwa na h ya dakika 50, kizidisho ni 1 − 2.5, yaani −1.5. Kwa hiyo 60 inakuwa −90, halafu 135, halafu −202.5, na kuendelea. Alama inageuka kila hatua na ukubwa unaongezeka kwa nusu.

Kitu kinachofifia kwa kiwango k kina kizidisho 1 − hk, nacho kinakupa hali tatu za kukumbuka. Hatua ikiwa fupi kuliko 1/k, kizidisho kiko kati ya 0 na 1, na jibu linashuka kwa utulivu kama inavyotakiwa. Hatua ikiwa kati ya 1/k na 2/k, kizidisho ni hasi lakini hakijafika −1; jibu linayumba juu na chini huku likitulia. Ikizidi 2/k, limelipuka. Kwa chai mipaka hiyo ni dakika 20 na dakika 40.

Utasema hakuna mwenye akili timamu atakayepima chai kwa hatua za dakika 40. Kweli. Kama dunia ingekuwa na vikombe peke yake, somo hili lingeishia hapa.

Kipimajoto kilichosahaulika

Tumbukiza kipimajoto chembamba ndani ya ile chai. Chenyewe kina mwendo wake: kinaifuata chai haraka, kwa kiwango cha 10 kwa dakika, yaani sekunde 6 zinatosha kula sehemu kubwa ya tofauti kati yake na chai. Tuite v tofauti kati ya kipimajoto na chumba. Sasa tuna milinganyo miwili:

kasi ya u = −0.05 × u
kasi ya v = −10 × (v − u)

Kipimajoto kinaanza kikiwa na joto la chumba, kwa hiyo v ni 0. Nusu dakika baadaye kimeshaifikia chai, na kuanzia hapo vyote viwili vinashuka pamoja taratibu kwa saa nzima. Ukiitazama grafu, hakuna chochote cha kusisimua baada ya dakika ya kwanza. Mtu yeyote atashawishika kuchukua hatua za robo dakika, sekunde 15. Kwa chai inayopoa kwa dakika nyingi hatua hiyo ni fupi mno, karibu ubadhirifu. Hebu tuiendeshe:

```python
h = 0.25
u, v = 60.0, 0.0
for n in range(20):
    u, v = u - h*0.05*u, v - h*10*(v - u)
    print(n + 1, 25 + u, 25 + v)
```

Safu ya chai inashuka vizuri: 84.25, kisha 83.5, na kadhalika. Safu ya kipimajoto inasoma 175, halafu −51.9, halafu 286.6, halafu −222.9. Kufika hatua ya 20, yaani dakika ya 5, kinaonyesha kama nyuzi laki mbili chini ya sifuri.

Sababu unaijua tayari. Kizidisho cha kipimajoto ni 1 − 0.25 × 10, yaani −1.5, kile kile kilichoiharibu chai kwa hatua za dakika 50. Kikomo cha kipimajoto ni 2/10 ya dakika, sekunde 12. Sekunde 15 zimevuka kwa sekunde tatu tu, na sekunde tatu hizo zinatosha kabisa.

Watu wengi hujaribu kukwepa kwa hoja hii: tatizo ni ule mwendo wa haraka wa mwanzo, basi nianze hesabu baada ya kipimajoto kupata moto, kisha nitumie hatua ndefu. Hoja inaingia akilini, ila inashindwa. Anza na v = 60, kipimajoto na chai vikiwa sawasawa. Hatua za mwanzo zinapendeza: 85, kisha 83.1, kisha 84.1. Umeona kidogo kilivyopanda badala ya kushuka? Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Hatua ya 10 kinasoma 60.8 wakati kinapaswa kuwa kama 78. Hatua ya 20 kinasoma nyuzi 931 chini ya sifuri.

Kilichotokea ni hiki. Kipimajoto kinachofuata kitu kinachopoa hubaki nyuma kidogo, kwa hiyo mahali pake halisi si 60 kamili bali 60.30. Tofauti hiyo ya 0.30 ndiyo mabaki ya mwendo wa haraka. Katika dunia ya kweli mabaki hayo yangefutika ndani ya sekunde chache. Katika hesabu yetu yanazidishwa kwa −1.5 kila hatua, na 1.5 ikizidishwa yenyewe mara 20 inapita 3,300.

Hata ukianza na 60.30 na desimali zake zote, hujaokoka. Kompyuta ya kawaida huhifadhi tarakimu kama 16, na mabaki ya kukadiria tarakimu ya mwisho yanatosha kuwa mbegu. Kwa kizidisho cha −1.5, mbegu ndogo namna hiyo inahitaji takriban hatua 80 kufikia ukubwa wa nyuzi moja. Kwa dakika 20 za mwanzo grafu yako ni safi kabisa, kisha mkia wake unaanza kutetemeka na kulipuka. Mlipuko wa aina hii ndio unaowachanganya watu kuliko yote, maana wanautafuta mkosi kwenye dakika ya 20 ilhali ulikuwepo tangu sifuri.

Mifumo ya namna hii, yenye kitu cha haraka sana kilichokwisha kufa ndani ya kitu cha polepole unachokitazama, naiita mifumo mikaidi. Wamarekani wawili, Curtiss na Hirschfelder, waliiandikia mwaka 1952 walipokutana nayo katika milinganyo ya athari za kikemia, ambako molekuli nyingine hudumu kwa muda mfupi mno na nyingine hudumu mno. Kinachoamua urefu wa hatua ndani yake si usahihi unaoutaka. Ni kile kitu cha haraka kuliko vyote, hata kama mchango wake kwenye jibu ni sifuri.

Hatua ya pili: chora eneo

Hadi sasa vitu vyetu vinafifia bila kuyumba. Vingine hufifia huku vikiyumba, kama bembea iliyoachwa. Ili kuvipima vyote kwa kijiti kimoja, Mswidi Germund Dahlquist, katika kazi yake ya mwaka 1963, aliutumia mlinganyo mwepesi kuliko wote kama jiwe la kupimia: kasi ya y = λ × y. λ inaweza kuwa namba changamano. Sehemu yake halisi inasema kitu kinafifia kwa kiwango gani. Sehemu ya pili, ile ya i, inasema kinayumba kwa mwendo gani.

Mbinu ya tanjenti ikiendeshwa juu ya mlinganyo huo ina kizidisho 1 + hλ. Andika z badala ya hλ. Jibu linafifia pale tu urefu wa 1 + z, ukipimwa kutoka sifuri, ni chini ya 1.

Chora bapa ambalo sehemu halisi ya namba iko kwenye mhimili wa ulalo na ile ya i kwenye mhimili wa wima; humo urefu wa 1 + z ni umbali kati ya z na nukta −1. Kwa hiyo unatafuta z zote zilizo karibu na −1 kwa umbali usiozidi 1. Chukua bikari, weka sindano kwenye −1 ya mhimili wa ulalo, fungua mkono kwa kipimo cha 1, zungusha. Duara hilo ndilo eneo la uthabiti. Linaanzia −2 upande wa kushoto na kuugusa mhimili wa wima kwenye nukta moja tu, sifuri.

Kulitumia ni rahisi. Kila kiwango cha ndani cha mfumo wako ni nukta λ kwenye bapa hilo. Ukiizidisha kwa h, nukta inavutwa kwenye mstari kuelekea sifuri. H ndogo huivuta karibu, h kubwa huiacha mbali. Kazi yako ni kuchagua h itakayozivuta nukta zote ziingie ndani ya duara. Moja ikibaki nje, hiyo moja inatosha kuharibu zote.

Nukta za mfumo wa chai ni −0.05 na −10. Kwa h ya 0.25 zinakuwa −0.0125 na −2.5. Ya kwanza imejibanza ndani karibu na ukingo wa kulia, ya pili imepita ukingo wa kushoto. Uliyoyaona kwenye safu mbili za namba yamo yote katika mchoro huo.

Bembea, ambako duara ni dogo kuliko linavyoonekana

Tundika jiwe kwenye kamba ya mita moja, ulisukume kidogo. Linayumba mara moja kila sekunde mbili hivi. Tuseme hewa inalipunguza kwa kiwango cha 0.05 kwa sekunde, hivyo baada ya sekunde 20 upana wa kuyumba umebaki kama theluthi moja. Nukta zake mbili zina sehemu halisi −0.05 na sehemu ya i karibu 3.13 juu na chini. Ziko karibu kabisa na mhimili wa wima.

Ndipo umbo la duara linapoanza kukubana. Duara linaugusa mhimili wa wima kwa nukta moja tu, kwa hiyo nukta iliyo juu ya mhimili huo inabidi ivutwe karibu sana na sifuri ndipo iingie. Ukiandika λ kama −a pamoja na b mara i, hesabu ya umbali inakupa kikomo

h < 2a / (a² + b²)

Kwa jiwe letu, a² + b² ni 9.81, ule mvuto wa dunia ukigawanywa kwa urefu wa mita moja. Kikomo ni 0.1 / 9.81, sekunde 0.0102. Inakubidi upige takriban hatua 197 kwa kila mzunguko mmoja, si kwa ajili ya usahihi, bali kwa ajili ya kuzuia mlipuko tu.

Ukichukua sekunde 0.05, hatua 40 kwa mzunguko, grafu itaonekana laini na nzuri. Hakuna kugeuka alama kila hatua kama kwa kipimajoto. Kizidisho hapa kina urefu wa 1.0097, kidogo tu juu ya 1, na upana wa kuyumba unakua polepole kama bembea inayosukumwa na mtu. Baada ya sekunde 20, jiwe lililosukumwa kwa nyuzi 5 limefika nyuzi 239 katika mlinganyo huu uliorahisishwa kwa miyumbo midogo. Aliyezoea kutafuta meno ya msumeno kama dalili ya mlipuko atapitwa na huu, na anaweza hata kuuandikia maelezo ya kifizikia.

Ukiondoa hewa kabisa, a inakuwa 0 na kikomo kinakuwa 0. Hakuna h yoyote inayofaa. Kwa kitu kinachoyumba bila kufifia, sayari au saketi isiyo na upinzani, ningeiacha mbinu hii tangu mwanzo.

Pale kikomo kinapohama

Milinganyo ya kweli mara nyingi si ya kuzidisha tu. Chukua tone kubwa la mvua, la aina inayofikia kasi ya mwisho ya mita 9 kwa sekunde. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mwendo wake unaongezeka kwa 9.81 − c × w², ambapo w ni kasi na c ni 9.81 / 81.

Hapa hakuna λ moja. Unaipata ya kila mahali kwa kuuliza: kasi ikiongezeka kidogo, upande wa kulia unapungua kwa kiasi gani? Jibu ni 2cw. Tone likiwa limesimama, namba hiyo ni sifuri na hatua yoyote ni salama. Linapokaribia mita 9 kwa sekunde inafika 2.18, na kikomo kinashuka hadi sekunde 0.92. Hatua iliyokuwa salama mawinguni si salama tena tone likishapata mwendo.

Jaribu hatua ya sekunde 1. Kasi zinatoka 9.81, 7.97, 10.09, 7.57, 10.44, 7.05. Hazikimbilii mbali bila mwisho, kwa sababu mraba unazirudisha ndani. Mwishowe zinatulia kwenye kupokezana kati ya 4.7 na 11.8 milele, tone likipunguza mwendo kila sekunde na kuongeza sekunde inayofuata. Kwa hiyo usisubiri namba kubwa za kutisha ndipo ushuku. Kwa mlinganyo wa aina hii uharibifu unaweza kuonekana kama tabia ya kawaida ya tone.

Kupima kabla, na kutambua baada

Kabla ya kuendesha chochote, mimi huorodhesha vitu vyote ndani ya mfumo na kujiuliza kila kimoja huchukua muda gani kutulia kikiachwa peke yake. Cha haraka kuliko vyote nagawanya muda wake: kikitulia kwa muda T, ambapo T ni 1/k, kikomo ni 2T, na mimi huchukua nusu ya T ili nisipate hata ile miyumbo inayotulia. Kwa kipimajoto cha sekunde 6 hiyo ni sekunde 3. Miyumbo inayotulia si ya kupuuzwa. Ukichukua hatua ya sekunde 9, ambayo ni thabiti kabisa, usomaji wa kwanza wa kipimajoto unakuwa nyuzi 115, ndani ya chai ambayo haijawahi kuvuka 85. Unarudi 69, unapanda 91, kisha unatulia. Uthabiti umeahidi kwamba kosa litakufa. Haujaahidi kwamba jibu ni sahihi likiwa bado hai.

Ukiwa na milinganyo mingi iliyoshikana, nukta za λ zinatoka kwenye matriki yake, na maktaba ya NumPy inazitoa kwa amri moja, `numpy.linalg.eigvals`. Kwa kila nukta kokotoa kile kikomo cha 2a / (a² + b²). Inayotoa kikomo kidogo kuliko zote ndiyo inayobana.

Ukiwa umeshaendesha na unashuku, punguza hatua hadi nusu kisha linganisha. Kosa la kawaida la mbinu ya tanjenti hupungua hadi kama nusu pia, taratibu. Mlipuko haupungui hivyo: ama unatoweka ghafla kwa sababu umevuka kikomo, ama unabaki na sura tofauti kabisa. Jiwe la sekunde 0.05 likiendeshwa kwa 0.025 linakua bado, lakini kwa kasi ndogo zaidi, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba ukuaji huo si wa kweli. Kamba na jiwe havijui umechagua h gani.

Hatua fupi zikiwa nyingi mno

Kipimajoto kingekuwa cha haraka mara elfu zaidi, ungelazimika kupiga hatua za sehemu ndogo za sekunde kwa saa nzima ya chai. Hapo njia ya kutoka ni kuisoma kasi mwishoni mwa hatua badala ya mwanzoni. Tanjenti inayochorwa ni ya mahali unapofikia, si ulipotokea, kwa hiyo haiwezi kupita sifuri bila kujua. Kizidisho kinakuwa 1/(1 − z), na kwa kila kitu kinachofifia urefu wake ni chini ya 1, h iwe yoyote. Gharama yake ni kwamba jibu jipya liko pande zote mbili za mlinganyo na inabidi ulitatue. Kwa chai na kipimajoto ni kugawanya tu:

u_mpya = u / (1 + 0.05h)
v_mpya = (v + 10h × u_mpya) / (1 + 10h)

Weka h ya dakika moja kamili, mara tano ya kikomo cha zamani. Kipimajoto kinasoma 76.9 baada ya dakika ya kwanza na 79.2 baada ya ya pili. Majibu ya kweli ni 82.4 na 79.6. La kwanza lina kosa la zaidi ya nyuzi 5, kwa kuwa dakika moja imeuruka mwendo wote wa haraka bila kuuona. La pili limeshakaribia. Ukiihitaji dakika ya kwanza, ianze kwa hatua za sekunde chache kisha urefushe; mbinu hii inakuruhusu. Ila usiipeleke kwenye lile jiwe la kamba ukitegemea itakupa upana sahihi, kwa sababu inafifisha kila kinachoyumba, hata kisichofifia.